Akaunti ya WhatsApp Ikiibwa: Jinsi ya Kuwaonya Jamaa na Marafiki Kabla Hawajatuma Pesa

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. "Habari yako? Niko na dharura kidogo. Nisaidie na 6,500, nitakurudishia jioni. Laini yangu ya M-Pesa ina shida, tuma kwa hii nambari." Unaingia kutoka kwa mtu anayejulikana, ukiwa na picha yake na jina lake, mara nyingine chini kabisa ya mazungumzo ya jana kuhusu mazishi au karo. Anayeusoma hana sababu ya kushuku. Anayedaiwa kuuandika naye huenda yuko sokoni au shambani, na hajui kwamba jina lake linaomba pesa.

Wakazi wengi wamekwisha kusikia kwamba hawapaswi kumpa mtu yeyote nambari za uthibitisho. Jambo lisilozungumzwa sana ni lile linalofuata nambari hizo zikishatolewa: mwenye akaunti afanye nini katika saa mbili tatu za kwanza ili watu wake wasiibiwe kwa jina lake. Wengi hutumia muda huo wote kupigania kuirudisha akaunti, na onyo huja baadaye, likiwa limechelewa. Mpangilio unaofaa ni kinyume cha huo, na mfano ufuatao unaonyesha sababu. Umetungwa kwa ajili ya somo hili, lakini kila hatua iliyomo ni ya kawaida.

Mweka hazina wa chama cha akina mama 32 huko Kaloleni anapigiwa simu saa tatu na nusu asubuhi. Anayepiga anasema anatoka kwenye kamati ya harambee ya kanisa, kuna mkutano utakaofanyika kwa simu, na kila mjumbe ametumiwa nambari sita za kuingilia. Kweli, SMS yenye nambari sita imeingia. Mama anazisoma. Baada ya muda mfupi WhatsApp yake inamwambia kwamba nambari yake haijasajiliwa tena kwenye simu ile. Nambari sita alizozisoma hazikuwa za mkutano. Zilikuwa za kuisajili WhatsApp yake kwenye simu ya mtu mwingine. Saa nne na dakika tano, mwanachama mmoja anampigia kumuuliza kwa upole ni dharura gani iliyompata.

Jambo la kwanza ni kujua kilichoibwa

Kabla ya kuandika onyo lolote, mwenye akaunti anahitaji kujua mwizi ameshika nini hasa, kwa sababu onyo lenye habari isiyo sahihi huwachanganya watu na kumsaidia mwizi.

Katika mfano huu, kilichoibwa ni akaunti ya WhatsApp peke yake. Laini ya simu bado iko mikononi mwa mama: anapiga, anapigiwa, SMS zinaingia, M-Pesa yake inafanya kazi. Akiwaandikia watu kwamba "simu yangu imeibwa, msishike simu zangu," atakuwa ameifunga njia pekee salama aliyobaki nayo. Watu hawatapokea simu zake wala kuamini SMS zake, huku mwizi akiendelea kuwaandikia kwenye WhatsApp.

Hali ya pili hufanana na hiyo kwa nje, lakini ni tofauti. WhatsApp ya mwenyewe inaendelea kufanya kazi kama kawaida, ila anaona kwenye simu yake ujumbe ambao hakuuandika, au watu wanamjibu maswali ambayo hakuuliza. Hapo mwizi ameunganisha kompyuta au simu yake kwenye akaunti hiyo. Mwenyewe afungue Linked devices, na akiona kifaa asichokitambua akiguse na kukitoa. Hilo huchukua chini ya dakika moja, na akishalifanya anaweza kutoa onyo kwenye WhatsApp yenyewe. Asisahau, hata hivyo, kwamba mwizi wa aina hii ameweza pia kusoma mazungumzo ya nyuma. Anajua nani humkopesha nani, na mtoto wa nani yuko hospitali.

Hali ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Laini yenyewe imekufa, simu haina mtandao mahali ambapo wengine wanao, na kuizima na kuiwasha hakusaidii. Huenda mtu amebadilisha laini hiyo kwa jina la mwenyewe. Hapo hata simu na SMS kutoka kwenye nambari hiyo si za kuaminiwa, na onyo lazima lipitie simu ya mtu mwingine. Simu ya kwanza ya siku hiyo iende kwa kampuni ya simu ili laini ifungwe.

Mama wa Kaloleni ameulizwa kuhusu dharura kupitia laini yake mwenyewe, na simu hiyo imeingia vizuri. Basi laini ni yake, na anaweza kuitumia.

Kwa nini onyo litangulie

Kuirudisha akaunti kunaonekana rahisi. Mtu hufungua WhatsApp, huandika nambari yake ya simu, husubiri SMS yenye nambari sita na kuziingiza. Zikikubaliwa, mwizi hutolewa papo hapo. Jaribio hilo linafaa kufanywa mara moja, mwanzoni kabisa, kwa sababu likifaulu limekata mkono wa mwizi.

Tatizo ni kwamba mara nyingi halifaulu haraka. Mwizi anaweza kuwa ameomba nambari za uthibitisho mara nyingi mfululizo, au kuingiza zisizo sahihi kwa makusudi, hadi WhatsApp ikamwambia yeyote anayejaribu asubiri kwa saa kadhaa. Anayekaa akiitazama saa hiyo ikihesabu anampa mwizi muda wote huo wa kufanya kazi yake. Jaribio la kwanza likikwama, simu iwekwe kwenye kazi ya kuonya, na jaribio lirudiwe muda ukifika.

Kuna hali nyingine inayowatisha wengi bila sababu. Nambari sita zimekubaliwa, lakini WhatsApp inadai PIN nyingine ambayo mwenyewe hakuwahi kuiweka. Mwizi ndiye aliyeiweka. Asiyeijua PIN hiyo husubiri siku 7 kabla ya kuingia. Jambo la kutuliza moyo ni kwamba tangu nambari sita zilipokubaliwa, mwizi naye ameshatolewa. Hawezi tena kuandika kwa jina hilo. Onyo bado linahitajika kwa sababu ya ujumbe uliokwisha kutumwa na unaoendelea kusomwa.

Nani aonywe kwanza

Mtu anapoisajili akaunti ya mwingine kwenye simu yake, kwa kawaida hapati mazungumzo ya zamani. Hayo hubaki kwenye simu ya mwenyewe. Anachokipata ni makundi: chama, jumuiya, wazazi wa darasa la sita, kamati ya maji, ukoo. Ndani ya kila kundi anaona nambari za wanachama wote. Kwa hiyo wanaoandikiwa kwanza mara nyingi si ndugu wa karibu, bali watu wa makundi, wakiwemo wale ambao mwenye akaunti hana hata nambari zao kwenye simu yake. Hii ndiyo sababu kuipitia orodha ya majina kuanzia A, huku mtu akimpigia kila mmoja, ni kazi nyingi yenye matunda machache.

Mama wa Kaloleni yuko kwenye makundi 9. Anapiga simu 9 fupi, moja kwa mtu mmoja wa kila kundi, na kila mara anamchagua msimamizi wa kundi kama anamjua. Anamwomba kila mmoja mambo mawili, kwa mpangilio huu: kwanza aitoe nambari yake kwenye kundi, kisha aandike onyo. Mpangilio huo una maana. Nambari iliyoibwa ikiwa bado ndani, mwizi anasoma onyo pamoja na wengine wote na anaweza kulijibu: "Msimsikilize huyo, ni mimi hapa, nimerudisha akaunti." Na katika kundi la chama, mama mwenyewe ni msimamizi. Msimamizi ana uwezo wa kufuta ujumbe wa wengine na hata kuwatoa watu. Mwizi aliyeshika akaunti ya msimamizi anaweza kulifuta onyo kabla wanachama 20 hawajaliona, akamtoa na aliyeliandika.

Mara nyingine wasimamizi wenzake hushindwa kumtoa, hasa akiwa ndiye aliyelianzisha kundi, au kundi halina msimamizi mwingine. Hapo hakuna ujanja ila kuwafikia wanachama nje ya kundi hilo. Mwenyekiti wa chama anaanzisha kundi la muda, anawaingiza wote isipokuwa nambari iliyoibwa, na onyo linaandikwa humo. Kwa wasio na simu za intaneti, SMS.

Baada ya makundi ndipo zamu ya wale ambao wangetuma pesa bila kuuliza. Kila mtu anawajua wake: mama mzazi, kaka anayefanya kazi mbali, mteja wa muda mrefu, rafiki asiyeweza kusema hapana. Hawa wapigiwe simu ya kawaida, kwa sauti. SMS kwa mama mzee inaweza kusomwa jioni mjukuu akirudi kutoka shuleni.

Jamaa walio ng'ambo wanahitaji njia yao. Familia nyingi za Pwani zina dada au kaka anayefanya kazi Saudia, Katari au Dubai, na mawasiliano yao yote hupitia WhatsApp. Mama wa Kaloleni anachukua simu ya binti yake na kurekodi ujumbe wa sauti ya nusu dakika kwa dada yake aliye Jeddah. Sauti ni bora kuliko maandishi hapa. Ujumbe unatoka kwenye nambari ambayo dada anaijua, na anayezungumza anaijua pia.

Maneno ya onyo

Onyo zuri lina mambo machache tu: nini kimeibwa, tangu saa ngapi, kipi kisifanywe, njia gani ya kumfikia mwenyewe ni salama, na aliyekwisha kutuma afanye nini. Mama anaituma SMS hii:

"Mimi ni mweka hazina. WhatsApp yangu imeibwa leo saa nne. Usitume pesa wala nambari za uthibitisho. Laini hii ni salama, nipigie. Kama umetuma kwa M-Pesa, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 sasa hivi."

Katika SMS yenyewe anaandika jina analojulikana nalo, lile la kila siku, si la kitambulisho. Neno "sasa hivi" halikuwekwa kwa mapambo, kama itakavyoonekana mbele. Onyo hilo pia linataja nambari za uthibitisho, sio pesa peke yake. Mwizi aliyeingia kwenye kundi la watu 32 kwa kawaida hufanya kazi mbili kwa pamoja: anaomba pesa kwa wengine, na kwa wengine anasema, "Nimekutumia nambari sita kimakosa, nirudishie." Atakayezirudisha atapoteza akaunti yake pia, na kesho makundi yake ndiyo yatakayoandikiwa. Onyo linaloongelea pesa tu huwaacha watu hao wazi.

Yapo mambo ya kuacha. Maelezo marefu ya jinsi ilivyotokea yanaweza kungoja. Anayesoma SMS ya kurasa tatu huishia ya kwanza. Kuwaomba watu "msambazie wote mnaowajua" huzaa uvumi usio na saa wala mwenyewe, unaozunguka hadi mwezi ujao. Na jina lililotokea kwenye M-Pesa ya mwizi lisitangazwe kwenye makundi kama jina la mwizi. Laini hizo mara nyingi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyehusika. Inatosha kutaja nambari ya simu ambayo pesa zinaombwa ziende, ili watu waitambue. Jina ni kazi ya polisi.

Aibu nayo huharibu maonyo mengi. Mtu huandika, "Kuna mtu anatumia jina langu, msijali," kana kwamba kuna akaunti bandia mahali fulani. Wanaosoma huelewa kwamba nambari wanayoijua bado ni salama, na hapo ndipo pesa zinapotoka. Ni heri kusema wazi kwamba akaunti ni ile ile, nambari ni ile ile, na anayeandika ni mtu mwingine.

Aliyekwisha kutuma

Saa nne na dakika 40, mwanachama mmoja anapiga simu akilia. Alituma 6,500 saa nne na robo. Mwingine alituma 3,000 dakika chache zilizopita.

Anayepaswa kuchukua hatua ni yule aliyetuma, kwa sababu ujumbe wa muamala uko kwenye simu yake. Auchukue ujumbe wote wa M-Pesa kama ulivyo, bila kupunguza neno, na kuupeleka kwa 456. Hiyo ndiyo njia ya kuomba muamala urudishwe. Asipopata jibu, apigie huduma kwa wateja ya Safaricom kwa nambari 100 akiwa na nambari ya muamala mkononi. Aliyetumia mtandao mwingine apigie huduma ya mtandao wake.

Njia hiyo ina mpaka, na mwenye akaunti asiwaahidi watu zaidi ya hapo. Pesa zikiwa bado kwenye laini iliyopokea, zinaweza kuzuiwa na hatimaye kurudishwa. Zikiwa zimekwisha kutolewa kwa wakala au kuhamishwa, ombi hilo peke yake haliwezi kuzirudisha. Matapeli wanalijua hilo, na hutoa pesa mapema. Yule wa 3,000, aliyetuma dakika chache zilizopita, ana nafasi nzuri kuliko yule wa 6,500, na tofauti hiyo yote imetokana na saa ambayo onyo lilimfikia kila mmoja.

Dada wa Jeddah, kama angekuwa ametuma, 456 haingemsaidia akiwa ametumia kampuni ya kutuma pesa ya huko. Angepaswa kuipigia kampuni hiyo hiyo, akiwa na nambari ya risiti, na kuomba malipo yasimamishwe.

Nambari ya mwizi, ile iliyotajwa kwenye ujumbe wa kuomba pesa, inaweza kuripotiwa Safaricom kwa SMS kwenda 333. Wanachama waliopokea ujumbe huo wasiufute. Waupige picha skrini, nambari na saa zikionekana, ndipo wairipoti akaunti ndani ya WhatsApp kama wanataka. Picha hizo, pamoja na ujumbe wa M-Pesa, ndizo zitakazohitajika kituo cha polisi.

Kila aliyepoteza pesa apige ripoti yake mwenyewe na apewe nambari ya OB. Ripoti ya mama inaeleza wizi wa akaunti. Haiwezi kusimama badala ya ripoti ya aliyetoa 6,500. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini na kulaghai kwa njia ya kompyuta au simu ni makosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018. Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, hupokea taarifa pia kwa simu isiyolipiwa 0800 722 203.

Swali litakaloulizwa kwenye kikao kijacho cha chama ni nani atabeba hasara. Wengine hulipa kwa sababu ya heshima, wengine hugawana. Kwa chama, neno la busara ni kwamba uamuzi huo usifanywe siku ile ile, ombi la kurudishiwa likiwa bado halijajibiwa, na usifanywe kwa WhatsApp.

Akaunti ikirudi

Saa kumi jioni, muda wa kusubiri umeisha. Mama anaingiza nambari sita, zinakubaliwa, na hakuna PIN inayodaiwa. Kabla ya kumwandikia mtu yeyote anafungua Linked devices na kuhakikisha hakuna kifaa kigeni kilichobaki. Kisha anaingia Settings, Account, Two-step verification, anaweka PIN yake na anuani yake ya barua pepe. Siku nyingine akisoma nambari sita kwa mtu, bado mtu huyo atadaiwa PIN.

Kama akaunti ingeendelea kukataa, angeweza kuandika barua pepe kwa support@whatsapp.com akiomba ifungwe, yenye maneno haya na nambari yake ikianza na +254:

```
Lost/Stolen: Please deactivate my account
```

Akaunti iliyofungwa hivyo hukaa siku 30, na isipofunguliwa na mwenyewe katika muda huo hufutwa.

Linabaki suala la kuwaambia watu kwamba amerudi, na hapa mama haandiki "nimerudi" kwenye WhatsApp na kuomba aingizwe tena kwenye makundi. Mwizi naye angeandika maneno hayo hayo. Anampigia mwenyekiti wa chama kwa laini ya kawaida, wanazungumza, na mwenyekiti ndiye anayeandika kwenye kundi kwamba amemsikia kwa sauti yake na anamrudisha. Makundi mengine 8 anayafanyia vivyo hivyo, kupitia wale wale aliowapigia asubuhi. Kwa wiki moja inayofuata, kila anayempigia kumuuliza kama kweli ni yeye anajibiwa bila kukasirikiwa.